Programu Imefutwa, Kasha Liko Wapi?

Jumamosi moja mchana mama mdogo alinipigia simu kutoka Morogoro. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ya haraka, na kabla sijauliza habari za nyumbani akasema, "Mwanangu, nywila zangu zote zimepotea." Alikuwa amenunua simu mpya. Ile ya zamani alimpa mwanawe wa kidato cha pili, na kijana, katika kutafuta nafasi ya kuweka michezo, alifuta programu aliyoona haimhusu. Programu hiyo ilikuwa Bitwarden. Humo ndimo mama mdogo alimotunza nywila za duka lake la vifaa vya shule kwa miaka miwili: za barua pepe, za kodi, za wauzaji wa jumla, za ukurasa anakotangazia madaftari kila Januari.

Nilimwomba mambo mawili tu kwa siku ile. Kwanza, ile simu ya zamani isiguswe tena. Isifutwe kitu, isipelekwe kwa fundi, isirudishwe kwenye hali ya kiwandani, na ichajiwe iwe hai. Pili, asifungue akaunti mpya ya Bitwarden. Wengi hufanya hivyo kwa haraka, wakakuta kasha jipya jeupe, wakaamini kwamba la zamani limefutika. Kesho yake nikapanda basi.

Ni vizuri kuelewa kwanza kitu gani hasa kilifutwa. Katika Bitwarden, programu iliyo kwenye simu ni mlango tu. Kasha lenyewe liko kwenye seva za kampuni, likiwa limefumbwa kabla halijaondoka kwenye simu. Ufunguo wa kulifumbua hutengenezwa kutokana na nywila kuu, ile moja unayotakiwa kuikariri, ikichanganywa na anwani ya barua pepe uliyojiandikishia. Mchanganyiko huo hupitishwa kwenye hesabu inayorudiwa mara 600,000 katika mpangilio wa kawaida wa akaunti za sasa, ili anayekisia nywila moja baada ya nyingine achoke kabla hajafika. Kampuni haipati nywila kuu yako. Kwa hiyo kufuta programu hakukugusa kasha la mama mdogo hata kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna mtumishi wa kampuni anayeweza kumwekea nywila kuu nyingine akiisahau. Anayejitangaza mtandaoni kwamba anafungua makasha kwa malipo, kisha akaomba nywila kuu unayoikumbuka nusu, anataka kukuibia.

Basi kwa nini mama mdogo, baada ya kuiweka programu kwenye simu mpya, alikataliwa?

Kwanza ni kidole. Kwa miaka miwili alifungua kasha lake kwa alama ya kidole, na alipoona simu mpya inataka nywila kuu alidhani kuna hitilafu. Alama ya kidole haifungui kasha popote duniani. Inafungua ufunguo uliowekwa ndani ya simu ileile moja. Programu ikifutwa, ufunguo huo unakwenda nayo. Simu mpya haina habari nao, hata ukisajili vidole vyote kumi. Kila aliyezoea kidole au namba fupi ya siri anaweza kukaa mwaka mzima bila kuandika nywila kuu, na kumbukumbu ya mtu haitunzi kisichotumika.

Tulikaa barazani, nikamwomba aandike nywila anayoikumbuka, nami nikitazama skrini ile hatua kwa hatua. Kuna jambo ambalo mtu aliyetaharuki halioni: programu inakukatalia wapi? Nywila kuu ikiwa sahihi, Bitwarden inakupeleka kwenye hatua inayofuata, yaani inakuomba tarakimu sita za uthibitisho kwa aliyewasha hatua ya pili. Ikikukatalia kabla ya hapo, tatizo liko kwenye nywila, au kwenye barua pepe, au kwenye seva. Ujumbe wa kukataa ni uleule kwa yote matatu. Hausemi, "Barua pepe hii hatuijui." Unasema tu kwamba jina au nywila si sahihi, na mtu anaanza kuilaumu nywila ambayo huenda haina kosa.

Mama mdogo alikataliwa mapema, kabla ya tarakimu sita. Tukaanza na seva, kwa kuwa kuikagua hakuchukui dakika. Bitwarden ina makazi mawili, bitwarden.com iliyoko Marekani na bitwarden.eu iliyoko Ulaya, na akaunti ya upande mmoja haijulikani kabisa upande wa pili. Kwenye ukurasa wa kuingilia pana mahali pa kuchagua. Programu iliyowekwa upya huanza na bitwarden.com, kwa hiyo aliyejiandikisha upande wa Ulaya atakataliwa mpaka abadilishe. Tulijaribu pande zote mbili. Hapana.

Ikabaki barua pepe na nywila. Nilimuuliza alijiandikisha kwa anwani gani, akanipa ile ya duka. Nikamuuliza duka lilipata anwani hiyo lini. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka: ya duka ilikuja baadaye. Tukaichukua simu ya zamani, ambamo anwani yake ya kwanza ya Gmail ilikuwa bado imeingia, tukatafuta neno "Bitwarden" kwenye barua zote. Ikatokea barua ya zamani yenye kichwa kinachoanza na "New Device Logged In From". Bitwarden hutuma barua kama hiyo kila kifaa kipya kinapoingia kwenye akaunti. Anayetafuta akaunti yake aliyoisahau na aitafute barua hiyo kwanza, kwa sababu inathibitisha anwani, inaonyesha tarehe, na inakupa uhakika kwamba kasha liliwahi kuwepo.

Pale kwenye ukurasa wa kuingilia pana pia njia ya kuomba dokezo la nywila kuu. Dokezo ni maneno uliyoyaandika mwenyewe siku ya kujiandikisha, nayo hutumwa kwa barua pepe. Hata kama hukuandika dokezo lolote, ombi lenyewe lina faida: akaunti ikiwepo, kwa kawaida unapata barua, hata ya kukuambia kwamba hakuna dokezo. Usipopata kitu, si kwenye kikasha wala kwenye barua taka, rudi ukague anwani na seva kabla hujaisumbua akili kwa nywila. Kwa anwani ya zamani, dokezo la mama mdogo lilifika ndani ya dakika moja: "methali ya babu, bila nafasi, na mwaka wa duka."

Methali aliijua. Mwaka wa duka ukaleta mabishano, kwa sababu duka lilianza kama meza ya barabarani miaka mitatu kabla ya kupata fremu. Nilimpa karatasi tukaandika kila jaribio kabla ya kulibonyeza, tukigusa kila mara ile alama ya jicho inayoonyesha herufi ulizoandika. Bila karatasi mtu hujaribu nywila ileile mara sita akidhani amejaribu sita tofauti. Kuna na makosa madogo yanayoletwa na kibodi ya simu mpya: nafasi iliyojipachika mwishoni baada ya kugusa neno lililopendekezwa, au herufi kubwa mwanzoni ambayo hukuitaka. Jaribio la nne, lenye mwaka wa meza ya barabarani, halikukataliwa. Skrini ikabadilika, ikaomba tarakimu sita.

Kwa wengi hapa ndipo safari inapokwama. Mama mdogo alikuwa amewasha hatua ya pili kwa kutumia Google Authenticator, programu inayotoa tarakimu sita mpya kila baada ya sekunde 30. Tarakimu hizo hazitoki kwenye mtandao wala kwenye laini ya simu. Zinazalishwa ndani ya simu yenyewe kutokana na vitu viwili: siri iliyohifadhiwa siku ulipopiga picha ule msimbo wa mraba, na saa. Kwa hiyo simu ya zamani isiyo na laini wala bando bado inaweza kukutolea tarakimu sahihi, na ndiyo sababu nilisisitiza isiguswe. Kijana alikuwa amefuta Bitwarden peke yake. Authenticator ilikuwepo.

Tukasoma tarakimu, tukaandika, tukakataliwa. Tukangoja zibadilike, tukaandika tena, tukakataliwa. Mama mdogo alianza kukata tamaa. Nikatazama saa ya simu ya zamani: ilikuwa mbele kwa karibu siku mbili. Mdogo wangu alikiri kwamba ameisogeza mwenyewe, kwa sababu mchezo wake unampa zawadi kila siku mpya inapoanza. Seva nayo inafanya hesabu ileile kwa saa yake, na ikivumilia tofauti ni ndogo sana. Tulirudisha saa ya simu kwenye mpangilio wa kujiweka yenyewe, tukaunganisha waifai, tukangoja tarakimu mpya. Kasha likafunguka, na kila kitu kilikuwemo, hata nywila ya msambazaji wa kalamu aliyeacha kazi.

Simulizi hili lilikwisha vizuri kwa sababu ya ile simu ya zamani. Tuiondoe tuone hali inakuwaje.

Kama Authenticator ingekuwa imefutwa pia, swali la kwanza lingekuwa iwapo ilikuwa imeunganishwa na akaunti ya Google. Tangu Aprili 2023 programu hiyo inaweza kuhifadhi siri zake kwenye akaunti hiyo, na aliyekubali kuunganisha akiingia na akaunti ileile kwenye simu mpya atazikuta. Kama haikuunganishwa, inabaki namba ya uokoaji. Hii ni herufi na tarakimu 32 ambazo Bitwarden hukuonyesha kwenye mipangilio ya hatua ya pili. Inatumika hapa:

```
https://vault.bitwarden.com/#/recover-2fa
```

Unaweka barua pepe, nywila kuu na namba hiyo, na hatua ya pili inazimwa. Namba ikitumika imekwisha, inakupasa uchukue nyingine. Tena haichukui nafasi ya nywila kuu. Inaondoa ile hatua ya pili peke yake. Na sharti lake ni gumu: lazima uwe umeinakili wakati bado uko ndani. Ukiwa nje na huna namba wala siri ya Authenticator, nywila kuu sahihi haitakusaidia kitu, jambo linalouma kuliko kusahau.

Kwa ambaye hakuwasha hatua ya pili, kuna jambo lililoanza mwaka 2025. Akiingia kwa kifaa kisichojulikana, Bitwarden humtumia tarakimu za uthibitisho kwenye barua pepe yake. Ni ulinzi mzuri, lakini fikiria aliyehifadhi nywila ya barua pepe ndani ya kasha hilohilo na mahali pengine popote haipo. Ili afungue kasha anahitaji barua pepe, na ili afungue barua pepe anahitaji kasha. Nimekutana na watu waliozunguka kwenye duara hili wiki nzima, huku wakiijua nywila kuu yao kama jina la mama yao.

Duara hilo hukatwa kwa kuanzia nje, na kwa wengi wetu nje kabisa ni laini ya simu. Google inaweza kutumia namba ya simu uliyosajili kurejesha akaunti, kwa hiyo kama laini ilipotea na simu, irudishe kwanza. Hapa Tanzania laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na mwenye laini huweza kuipata upya kwenye duka la mtandao wake kwa kitambulisho cha taifa na kidole chake. Laini ikishapatikana, fuata barua pepe, na ufuate ukiwa nyumbani, kwenye waifai uliyozoea, kwa kompyuta au kivinjari ulichowahi kuingilia. Google inavipa uzito vitu hivyo, na yenyewe inashauri hivyo. Aliye safarini, na simu mpya, kwenye mtandao wa hoteli, anaonekana kama mwizi. Wakati mwingine Google hukuambia usubiri saa kadhaa au siku kadhaa. Subiri, usirudie ombi kila nusu saa. Barua pepe ikifunguka, ndipo urudi kwenye kasha.

Hali iliyo mbaya zaidi ni nywila kuu kupotea kabisa, dokezo lisisaidie na karatasi ijae majaribio. Bado kuna mahali pamoja pa kutazama kabla ya kukubali hasara: je, kuna kifaa chochote ambacho bado kiko ndani? Labda kompyuta ya dukani ambayo kivinjari chake hufunguliwa kwa namba fupi, au kishkwambi cha watoto kinachofunguka kwa kidole. Kikiwepo, usitoke kwenye akaunti na usifute programu hiyo. Fungua kasha, kisha nakili vitu kimoja kimoja kwa mkono. Njia ya kutoa kasha lote kwa mkupuo itakuomba nywila kuu, ambayo huna. Ni kazi ya jioni nzima kwa mwenye nywila mia, lakini inafanyika. Anza na barua pepe, fuata benki, mengine baadaye. Ukishanakili na kuhakikisha, ndipo unaweza kuomba akaunti ya zamani ifutwe na kuanza upya kwa anwani ileile. Mpangilio huo usiugeuze. Bitwarden inaruhusu kufuta akaunti kwa kuthibitisha kupitia barua pepe tu, na aliyekata tamaa huona kitufe hicho kama njia ya kurejesha. Kinachofutwa hapo hakirudi.

Njia nyingine ni ya mtu uliyemwamini mapema. Wenye akaunti ya kulipia huweza kumteua ndugu au mwenzi kuwa mshika dharura na kuchagua siku za kusubiri, kuanzia 1 hadi 90. Ndugu akiomba, na siku zikapita bila wewe kumkatalia, anapata kuona kasha, au kama ulimpa mamlaka kamili, anaweka nywila kuu mpya. Kama huyo hayupo na hakuna kifaa kilicho ndani, kasha limekwenda. Unaanza kazi ya kubadilisha nywila za kila tovuti kupitia barua pepe, moja baada ya nyingine. Watumiaji wa Android waingie pia passwords.google.com kabla ya kazi hiyo, kwa sababu simu nyingi hukuuliza kama Google ihifadhi nywila, na mtu hukubali bila kutambua. Huenda nusu ya kasha lako iko pale.

Kuna watu ambao wana faili la akiba walilolitoa kwenye Bitwarden siku za nyuma, nao hudhani wako salama. Lifungue faili hilo kwa programu yoyote ya maandishi uangalie mistari ya mwanzo. Ukikuta hivi:

```
"encrypted": true,
"passwordProtected": true,
```

faili limefungwa kwa nywila uliyoichagua siku ulipolitoa, na linaweza kuingizwa kwenye akaunti yoyote ukiwa na nywila hiyo. Ukikuta mstari wa kwanza bila wa pili, faili limefungwa kwa ufunguo wa akaunti yenyewe. Akaunti ikifutwa, faili hilo halifunguki tena kokote.

Wanaotumia programu za jamii ya KeePass wako kwenye hali nyingine kabisa, na maelezo ya seva hayawahusu. Kwao kasha ni faili moja linaloishia na .kdbx, na faili hilo liko pale walipoliweka. Kwenye Android, aliyetumia KeePassDX kwa kawaida alichagua folda mwenyewe, kama Documents au Download. Akifuta programu, faili linabaki, na anachotakiwa ni kuirudisha programu na kufungua faili lililopo badala ya kuunda jipya. Kwenye iPhone, faili lililowekwa ndani ya folda ya programu yenyewe hufutwa pamoja na programu mtu akichagua "Delete App", wakati "Offload App" huacha data ilipo. Kama lilikuwa kwenye iCloud Drive au Google Drive na limefutwa huko, kapu la takataka hulitunza siku 30. Tafuta pia kwenye kompyuta, na kwenye ujumbe uliojitumia siku ulipohamisha simu mara ya mwisho. Nakala ya mwaka jana itakosa nywila za karibuni, lakini nywila ya barua pepe huenda imo, na hiyo inatosha kufungulia nyingine. Kama uliweka pia faili la ufunguo, vinahitajika vyote viwili. Nywila peke yake itakataliwa milele.

Kule Morogoro hatukumrudishia kijana simu siku ileile. Tulihamisha siri za Authenticator kwenda simu mpya kwa ule msimbo wa mraba, tukabadilisha barua pepe ya Bitwarden iwe ya duka, na mama mdogo akaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, vitu vinne kwenye karatasi ya daftari: barua pepe, seva, nywila kuu na namba ya uokoaji. Karatasi aliitia kwenye bahasha pamoja na hati ya kiwanja, ndani ya sanduku la vitenge. Kisha nikamwomba jambo ambalo hakulipenda. Nilimwambia atoke kwenye programu kabisa, afute, aiweke upya, aingie kwa kusoma karatasi bila msaada wangu. Aliingia mara ya pili. Mara ya kwanza alisoma sifuri kama herufi O. Akaichukua kalamu, akaipiga ile sifuri mstari katikati, ndipo akampa mwanawe simu.